Klipu, Kulabu na Waya wa Mama

Kibanda cha mama yangu pale Bwera kina upana wa meza moja na nusu. Kazi yake ni kuchaji simu. Siku ya soko la Mpondwe, wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kasindi huacha simu zao kwake asubuhi na kuzichukua wakimaliza shughuli. Kiswahili nilichokuja kukisomea chuoni nilikisikia kwanza hapo, katika midomo ya watu waliokuwa wakiuliza, “Mama, simu yangu imejaa?”

Siku moja wakati wa likizo, waya kumi na mbili za chaji zilikuwa zimelala mezani zimesukanasukana kama nywele ambazo hazijachanwa. Mteja mmoja alivuta waya wake. Waya ule ukavuta mwingine, na huo ukavuta simu ya mtu ambaye hakuwepo. Ikaanguka chini, kioo kikapasuka. Mama alilipa. Hakunigombeza, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mezani. Alisema tu, “Wewe unasoma chuo kikuu, mwanangu. Waya hizi huwezi kuzipanga?”

Dukani zipo klipu za waya, zile ndogo nyeupe zenye msumari. Ni rahisi kwa bei na ni imara. Lakini klipu ya msumari hushika waya moja kwa moja, ukitaka kuutoa ni lazima ung’oe msumari. Waya wa chaji hautaki hivyo. Leo uko kwa simu hii, kesho umeharibika na unabadilishwa. Nilihitaji klipu yenye mdomo, ambayo waya unaingia kwa kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa, lakini hautoki wenyewe. Kitu hicho sikukiona dukani. Ndipo nikamkumbuka rafiki yangu wa Kasese mjini, aliyekuwa na printa ya 3D aliyoinunua ikiwa imetumika.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, printa hii haina wino. Ina uzi wa plastiki uliozungushwa kwenye gurudumu. Uzi huingia katika pua ya shaba yenye joto, unayeyuka, kisha pua inauchora juu ya sahani bapa kama mtu anayekamua krimu juu ya keki. Ikimaliza kuchora tabaka moja, hupanda kidogo, kwa kawaida sehemu ya tano ya milimita, na kuchora tabaka jingine juu yake. Kitu kizima ni matabaka yaliyogandamana. Sentensi hiyo niliielewa kwa kichwa siku ya kwanza. Kuielewa kwa mikono kulinichukua klipu nne na kulabu tatu.

Rafiki yangu alianza kwa kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Waya wa mama una unene gani?” Nilimwonyesha kwa vidole. Akacheka, akanipa kalipa, nikarudi Bwera kwa taksi kupitia Kikorongo ili nikapime waya. Nilipima waya saba. Nyingi zilikuwa na milimita 3.6, mmoja 3.4 na mmoja 3.9. Hilo peke yake lilikuwa somo. Kitu cha kununuliwa tunakichagua kwa macho, lakini kitu cha kuchapa hakianzi mpaka kuwe na namba.

Klipu tuliichora kwa programu ya OpenSCAD, ambayo humwezesha mtu kuandika umbo kwa maneno badala ya kulichora kwa kipanya. Kwa mwanafunzi wa lugha ilinifaa sana, maana niliweza kuvipa vipimo majina ya Kiswahili na programu haikulalamika:

```
$fn = 64;
waya = 3.6;
nafasi = 0.4;
ukuta = 1.2;
mdomo = 3.0;
kimo = 8;
ndani = waya + nafasi;
nje = ndani + 2*ukuta;

difference() {
  union() {
    cylinder(d = nje, h = kimo);
    translate([-10, -nje/2, 0])
      cube([20, 2, kimo]);
  }
  translate([0, 0, -1])
    cylinder(d = ndani, h = kimo + 2);
  translate([-mdomo/2, 0, -1])
    cube([mdomo, nje, kimo + 2]);
}
```

Umbo hilo ni bomba fupi lililosimama juu ya kitako bapa, kisha likatobolewa katikati na kukatwa mdomo upande wa mbele. Ukilitazama kutoka juu ni kama herufi C iliyokaa juu ya mstari. Kitako nilikitoboa matundu mawili kwa drili baadaye, moja kila upande, kwa ajili ya skrubu. Msumari ukipigwa moja kwa moja kwenye plastiki hii huipasua.

Vipimo mnavyoviona hapo si vile nilivyoanza navyo. Klipu ya kwanza niliipa tundu la ndani la milimita 3.6 kamili, kwa kuwa waya ni 3.6, na mdomo wa 2.4. Waya haukuingia. Nilipousukuma kwa nguvu, mkono mmoja wa klipu ulikatika. Rafiki yangu alipima tundu kwa kalipa, likawa kama 3.4. Hapo nikajifunza kwamba tundu lililochapwa hutoka dogo kuliko lilivyochorwa, kwa sababu plastiki laini huvutwa kuelekea ndani pua inapozunguka kona kali ya duara dogo. Kwa hiyo nafasi ni lazima iongezwe kwa makusudi. Kwenye printa ile, nyongeza ya milimita 0.4 ilitosha. Printa nyingine ina namba yake, na namna ya kuijua ni hiyohiyo: chapa, pima, linganisha na ulichoandika.

Klipu ya pili ilikuwa na mdomo wa 3.5. Waya uliingia vizuri na kutoka vizuri, hata bila kuulizwa. Ukiigeuza klipu mdomo ukaangalia chini, waya ulidondoka. Klipu ya tatu, yenye mdomo wa 3.0, ndiyo iliyotoa ile sauti ndogo ya “tak” waya ulipoingia. Mdomo ni kama sehemu nane kwa kumi za unene wa waya. Mikono ya klipu hufunguka kidogo sana, waya unapita, na mikono inarudi. Ukiubana mdomo zaidi ya hapo mikono hulazimika kupinda kuliko plastiki inavyokubali, na ukiulegeza hakuna kinachoshika. Unene wa ukuta nao unahusika. Nilidhani ukuta mnene zaidi ndio bora, lakini ukuta mnene haupindi, na kitu kisichopinda huvunjika. Milimita 1.2, yaani pua ya milimita 0.4 kupita mara tatu, ilitosha.

Lakini klipu hiyo ya tatu ilikuwa na kasoro. Waya uliingia upande mmoja tu, upande wa pili ulikwama. Nilipoitazama kwa karibu niliona ukingo mdogo uliotanuka chini kabisa, pale klipu ilipokuwa imekaa juu ya sahani. Wachapaji huuita mguu wa tembo. Sisi tuliokulia jirani na mbuga ya Queen Elizabeth hatuhitaji kuelezwa jina hilo: mguu wa tembo hutanuka pale unapokanyaga. Tabaka la kwanza hukandamizwa na pua ili lishike sahani, na likikandamizwa mno hutanuka pembeni, likapunguza tundu na mdomo kwa chini. Dawa ya haraka ni kuukwangua ukingo huo kwa kisu. Dawa ya kudumu ni kuinua pua kidogo kwenye tabaka la kwanza, au kuiambia programu ya kukata matabaka ilipunguze. Katika Cura sehemu hiyo inaitwa `Initial Layer Horizontal Expansion`, na sisi tuliandika -0.2. Klipu ya nne ilipokea waya pande zote mbili.

Kila klipu ilichukua kama robo saa na chini ya gramu moja ya plastiki. Udogo huo ndio ulioniwezesha kukosea mara tatu katika asubuhi moja. Tena ulitukinga na umeme. Nilitaka kuchapa klipu kumi na mbili kwa mpigo zikiwa zimejipanga juu ya sahani. Rafiki yangu alikataa. Printa ikichapa vitu vingi pamoja, huchora tabaka la kwanza la vyote, kisha la pili la vyote, na kuendelea. Umeme ukikatika katikati unabaki na nusu klipu kumi na mbili. Tulichapa moja moja. Saa nane mchana umeme ulikatika kweli, tukapoteza klipu moja, na saba zilikuwa tayari mfukoni mwangu. Printa yake ilikuwa na uwezo wa kuendelea pale ilipoishia, lakini sahani ilipopoa klipu ile ilijibandua yenyewe, kwa hiyo hapakuwa na cha kuendeleza.

Nilizifunga klipu kwenye ukingo wa meza ya mama, kila waya na nyumba yake. Siku ya soko iliyofuata mteja alivuta waya wake ukaja peke yake. Mama aliangalia, hakusema kitu, akaendelea kuhesabu chenji. Jioni aliniuliza kama naweza kumtengenezea kulabu ya kutundikia mkoba wake, kwa sababu chini kuna vumbi na mezani hakuna nafasi.

Hapa ndipo nilipojidanganya. Klipu zilikuwa zimenipa kiburi, nikadhani kulabu ni klipu kubwa tu. Niliichora kama herufi J yenye bamba la skrubu mgongoni, nikaiweka kwenye programu ikiwa imesimama wima, jinsi itakavyokaa ukutani. Ilionekana sawa kabisa. Programu ilibidi iongeze vihimili, vile vijiti vya plastiki vya kushikilia sehemu inayoning’inia hewani, na mimi sikujiuliza kwa nini. Baada ya kuvibandua niliifunga kwenye nguzo ya kibanda, mama akatundika mkoba wake. Ndani mlikuwa na daftari, leso na chupa ya chai.

Siku ya tatu kulabu ilikatika. Chupa ya chai, ile ya kioo ndani, ilivunjika ndani ya mkoba, na daftari la madeni likalowa chai ya maziwa. Majina mengine yalifutika kabisa. Kuna watu Kasindi ambao deni lao lililipwa na chai ile.

Niliokota vipande nikavitazama. Pale kulabu ilipokatika palikuwa bapa na laini, kama keki iliyokatwa kwa uzi. Hapakuwa na plastiki iliyovutika wala kupinda. Mama alivichukua mkononi, akavigeuza, akaona mistari midogo ya matabaka ikipita sambamba na mkato. Akasema, “Hii ni kama kuni. Ukipiga shoka kukatisha nyuzi, inakukatalia. Ukifuata nyuzi, inapasuka kwa pigo moja. Wewe nyuzi zako umezilaza vibaya.”

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Ndani ya tabaka, plastiki ni uzi mmoja mrefu usiokatika. Kati ya tabaka na tabaka, ni plastiki ya moto iliyogandishwa juu ya plastiki iliyokwisha kupoa, na gundi hiyo ni dhaifu kuliko uzi wenyewe. Kulabu iliyochapwa ikiwa wima ina matabaka yanayolala kama vitabu vilivyorundikwa. Mzigo ukining’inia kwenye ncha, hujaribu kuinamisha kulabu na kuyatenganisha matabaka shingoni, kitabu kuachana na kitabu. Ukivunja kitu ukakuta mkato bapa unaofuata tabaka, kosa ni mwelekeo wa kuchapa. Ukikuta mkato wenye miiba na plastiki iliyopauka kwa kuvutika, hapo nyuzi zenyewe zimeshindwa, na ndipo pa kuongeza unene.

Kulabu ya pili niliilaza ubavu. Sasa kila tabaka lilikuwa herufi J nzima, uzi ukitoka kwenye bamba, ukipita shingoni, ukizunguka hadi kwenye ncha bila kukatika. Vihimili havikuhitajika hata kimoja. Nikafahamu kwamba vihimili vya kulabu ya kwanza vilikuwa vinaniambia kitu. Mara nyingi, kitu kidogo kikidai vihimili vingi, kwanza jaribu kukigeuza.

Jambo la pili lilikuwa kuta. Nilikuwa nimefikiri nguvu iko tumboni, nikataka kujaza ndani asilimia mia. Rafiki yangu aliacha ujazo wa ndani asilimia 20 na kupandisha `Wall Line Count` kutoka 2 hadi 4. Kitu kinapopinda, sehemu inayovutwa zaidi ni ngozi yake ya nje, si kiini. Kuta zilizoongezwa ziko pale pale kazi ilipo, tena zinafuata umbo la kulabu.

Safari hii sikumpelekea mama kabla ya kuijaribu. Tuliifunga kwenye mlango pale Kasese, tukatundika jerikani yenye lita tano za maji, yaani kilo tano na uzito wa jerikani yenyewe, ikalala hapo usiku kucha. Mkoba wa mama haufiki kilo tatu. Asubuhi kulabu ilikuwa imara. Nikaipeleka Bwera na chupa mpya ya chai, niliyoinunua kwa pesa zangu.

Ningependa insha iishie hapo, lakini kulikuwa na kulabu ya tatu. Mama aliipenda ya pili akataka nyingine ya kutundikia mfuko wa chaja za akiba, na hiyo niliifunga juu, kwenye boriti chini ya mabati. Ilikuwa Januari, kiangazi. Umbo lilikuwa lile lile na uzi ule ule, na mzigo ulikuwa mwepesi kuliko mkoba. Haikukatika. Baada ya wiki mbili nilikuta ncha yake, iliyokuwa imeinuka, imelala kama kidole kinachoelekeza njia. Mfuko ulikuwa umebakiza kidogo tu kuteleza.

Uzi tuliotumia unaitwa PLA. Ndio unaopewa wanaoanza, kwa sababu huchapika kwa urahisi, pua ikiwa karibu nyuzi 200 za joto na sahani nyuzi 60. Lakini urahisi huo una upande wake wa pili: PLA huanza kulainika karibu nyuzi 60. Hata kabla ya kufika huko, ikiwa na mzigo usiotoka, hujinyoosha polepole siku hadi siku. Mabati ya kwetu karibu na ikweta, jua la saa saba, hayashikiki kwa mkono, na hewa iliyo chini yake ni kama ya jiko. Kulabu ya nguzoni ilikuwa kivulini na ilidumu. Ya botini ilikuwa imewekwa katika tanuri dogo kila mchana. Jaribio letu la jerikani lilifanywa usiku, penye ubaridi, na kwa saa kadhaa tu. Lilitupa jibu la kweli kwa swali ambalo si la kibanda chetu.

Kulabu ya juu tuliichapa upya kwa uzi wa PETG, ambao hulainika karibu nyuzi 80. Unahitaji pua ya moto zaidi, kama nyuzi 230 hadi 240, na huacha nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ambazo ni lazima uziondoe kwa kisu. Ipo botini mpaka leo. Hata hivyo niliweka sharti ambalo mama alilikubali: juu ya vichwa vya wateja hatutundiki kitu kizito kwa plastiki. Hapo tunatumia chuma.

Kwenye kopo la zamani la majani ya chai nimehifadhi klipu iliyokatika mkono, klipu iliyolegea, ile yenye mguu wa tembo, vipande viwili vya kulabu ya kwanza na ile iliyojinyoosha. Kijana wa jirani aliyetaka kujifunza uchapaji aliniuliza aanze na nini. Nilimwaga kopo mezani, nikampa kalipa, nikamwambia akapime waya za mama.